Wivu wa ndugu: Otieno na Owuor, Becky na Vera

Mwezi huu ukurasa wa vitabu tumeupa kitabu kimoja tu, sababu watoto wenu wa sekondari wanakisoma na wengi wenu mmetuuliza kina nini ndani hata wanabishana nacho mpaka wakati wa kula. Kitabu chenyewe kinaitwa The River and the Source, maana yake Mto na Chemchemi. Aliyekiandika ni mama Margaret Ogola wa Kenya, ambaye alikuwa daktari wa watoto. Kilitoka mwaka 1994, na shule za Kenya zimekisomesha miaka mingi. Mama Ogola alifariki mwaka 2011. Nakala za mitumba zinapatikana Kampala, zingine hazina jalada lakini kurasa ziko zote, na hapa kwetu nakala moja inapita mikononi mwa watu kumi.

Watu wakikisifu kitabu hiki husema ni kitabu cha wanawake wenye nguvu. Ni kweli. Inaanza na bibi Akoko, binti wa chifu wa Yimbo kule kwa Wajaluo, halafu binti yake Nyabera, halafu mjukuu Awiti, halafu watoto wa Awiti. Vizazi vinne. Lakini sisi tuliposoma na wanafunzi tuliona kitu kingine. Kila mara hadithi inapogeuka na kushika njia mpya, ukiangalia nyuma kidogo utamkuta ndugu mmoja anaangalia sahani ya ndugu yake. Mwanzoni mwa kitabu ni kaka kwa kaka. Mwishoni ni dada kwa dada, tena mapacha. Tulitaka kufuata uzi huo peke yake.

Kwanza neno. Kiswahili chetu kinatumia wivu kwa mambo mawili. Mume akimlinda mkewe tunasema ana wivu, na jirani akichukia sufuria mpya ya jirani pia tunasema ana wivu. Watu wa pwani wanatenganisha, hiyo ya pili wanaiita husuda au kijicho. Waganda nao wana maneno mawili, obuggya na ensaalwa. Kitabu hiki kinahusu hiyo ya pili: mtu kuumwa na moyo sababu mwenzake anacho, hata kama yeye mwenyewe hana shida nacho. Shika tofauti hiyo, tutaihitaji tukifika kwa mapacha.

Sasa kaka wa kwanza. Owuor Kembo ni chifu wa Sakwa. Anamuoa Akoko kwa mahari ya ng'ombe 30, jambo lililofanya watu washike midomo. Halafu anafanya jambo la ajabu zaidi kwa chifu wa wakati ule: anakataa kuoa mke wa pili. Akoko ni mchapakazi, anafuga, anauza, mali inaongezeka. Watoto ni watatu tu, Obura, Nyabera na Owang' Sino. Kwa chifu hao ni wachache sana. Mama mkwe hafurahi. Anasema huyu mwanamke amemfunga mwanangu kwa dawa, na ugomvi unafika mpaka Akoko anarudi kwa baba yake na wazee wanaitwa kukaa.

Pembeni ya ugomvi huo yuko Otieno, mdogo wake Owuor. Mwandishi hampi maneno mengi mwanzoni, na hapo ndipo msomaji anapaswa kuwa makini. Otieno ana wake na watoto, na kwa mila za wakati ule yeye ndiye aliyefanya vile mwanaume anatakiwa kufanya. Kaka yake ndiye amevunja desturi. Lakini kiti ni cha kaka, heshima ni ya kaka, na ng'ombe wengi ni wa kaka na mke wake. Tena kiti kikitoka kwa Owuor hakiji kwa Otieno, kinashuka kwa mtoto wa Owuor. Hiyo ndiyo hesabu inayomuuma. Anaona amefuata sheria zote na hakupata, na mwenzake amezivunja akapata.

Wanafunzi wengine walituambia Otieno ni mwizi tu, basi. Sisi tunasema hapana. Mwizi anaiba kwa yeyote. Otieno anataka kitu kimoja tu, kile cha kaka yake, na kwa miaka mingi hawezi kukifikia. Anakaa nacho moyoni. Husuda peke yake haigeuzi hadithi, inangoja mlango ufunguke, na katika kitabu hiki mlango unafunguliwa na vifo.

Obura, mtoto wa kwanza, anatoroka nyumbani na vijana wenzake kutafuta dunia ya wazungu, anaingia jeshini na kufa huko Tanganyika kwenye vita kubwa ya kwanza. Baba yake Owuor naye anakufa. Owang' Sino, mtoto wa mwisho, anakalia kiti cha baba, anaoa, halafu siku moja mfupa wa samaki unamkwama kooni na anakufa. Ona vile mwandishi alivyochagua. Mfupa wa samaki! Hakuna adui, hakuna sumu. Anabaki mtoto mchanga wa kiume wa Owang' Sino, ambaye naye amepewa jina la babu, Owuor. Kisheria kiti ni chake, lakini bado hajui hata kutembea.

Basi Otieno anaingia. Anaingia kama mlezi wa kiti, mtu wa kukitunza mpaka mtoto akue, na desturi iliruhusu hivyo kabisa. Tunawaomba wazazi mtazame hapa vizuri, maana katika kambi yetu hakuna nyumba ambayo haijasikia habari ya baba mdogo aliyebaki kulinda shamba. Utajuaje kama mlezi anatunza au anakula? Kitabu kinaonyesha dalili bila kuzitangaza. Mlezi wa kweli anaacha mali ya marehemu ijulikane kuwa ya marehemu. Otieno anaanza kuchukua mali ya kaka yake na ya Akoko na kuichanganya na yake. Mlezi wa kweli anamweka mtoto karibu na kiti ili watu wamzoee. Kwa Otieno mtoto hatajwi tena. Na mama mjane, ambaye ndiye anajua hesabu yote, anageuzwa kuwa mgeni katika boma lake mwenyewe.

Akoko angeweza kubaki na kupigana kelele. Hakufanya hivyo. Alijua wazee wa pale wako chini ya Otieno, na kesi ikikaa mbele yao itaamuliwa na yule anayeshtakiwa. Akarudi Yimbo kwa kaka yake. Kutoka huko akafunga safari mpaka Kisumu, kwa wakubwa wa serikali ya kikoloni, ambayo watu katika kitabu wanaiita sirikal. Mwanamke mjane, hajui Kiingereza, anakwenda kusimama mbele ya mzungu aeleze habari ya kiti cha kijaluo. Anasikilizwa. Mambo yanachunguzwa, na Otieno anaondolewa.

Wanafunzi wetu walipiga makofi hapo. Sisi tuliwaambia mshike makofi kidogo, someni mbele. Akoko ameshinda kesi, ndiyo, lakini Sakwa haikurudi kuwa nyumbani kama zamani. Binti yake Nyabera naye amefiwa na mume na watoto, amebaki na Awiti peke yake, na anatafuta mahali pa kuanza upya. Anapasikia Aluor, kwenye misheni ya Wakatoliki, na mwishowe bibi, binti na wajukuu wote wanakutana kule. Wanabatizwa, watoto wanasoma. Awiti anakuwa mwalimu. Na yule mtoto Owuor, mwenye kiti, yule ambaye kwa ajili yake bibi alikwenda mpaka Kisumu? Anakuwa padri. Hana haja ya kiti, na hatakuwa na mtoto wa kukirithi.

Sisi tulikaa sana na jambo hili. Otieno alitumia maisha yake kutamani kitu, akakinyakua, akanyang'anywa, na mwenye haki nacho akakiacha kwa hiari bila hata kugeuka nyuma. Mama Ogola hasemi neno juu ya hilo. Anapita tu. Lakini husuda ya Otieno ilichangia kuisukuma familia kutoka kwenye ng'ombe na kiti mpaka kwenye vitabu na shule, na nusu yote ya pili ya kitabu inatoka hapo. Alitaka kuwamaliza, kumbe aliwahamisha.

Tunaruka miaka. Awiti, sasa anaitwa Elizabeth, ameolewa na Mark Sigu, wanaishi Nakuru na wana watoto wengi. Kati yao kuna mapacha wa kike, Vera na Becky. Waganda wangewaita Babirye na Nnakato, Wajaluo wana Apiyo na Adongo, na ndugu zetu wa Tanzania wana Kulwa na Doto. Kila kabila linajua kwamba mapacha wanahitaji majina yao ya pekee, kana kwamba watu walijua zamani kwamba hapo kuna jambo la kuangaliwa.

Mwandishi sasa anafanya mtihani mgumu zaidi. Kwa Otieno husuda ilikuwa na sababu ya nje, yaani kiti, ng'ombe, umri, desturi. Kwa mapacha ameondoa sababu zote hizo. Hakuna mkubwa wa kurithi na mdogo wa kukosa. Siku moja, tumbo moja, chakula kimoja, baba na mama walewale. Tena anayehusudu ndiye aliyependelewa kwa macho! Becky ni mrembo kupita kiasi, tangu utotoni wageni wakiingia wanamsifu yeye. Vera ni wa kawaida kwa sura, lakini ana akili, ana moyo mwepesi, na watu wakishamzoea wanampenda. Atafika chuo kikuu kusomea uhandisi.

Kwa nini basi mrembo amwonee kijicho asiye mrembo? Hili ndilo swali lililogawanya darasa letu mara mbili. Jibu letu ni hili. Sifa za Becky zinatolewa na watu wanaopita, na zinatolewa kwa kitu ambacho hakukifanya. Upendo anaopata Vera unatolewa na watu wanaobaki. Becky ana akili ya kutosha kuona tofauti hiyo, na hawezi kuichukua kwa mkono kama vile mtu anachukua gauni la mwenzake. Kitu kisichoweza kuchukuliwa kinauma zaidi ya kiti cha chifu. Na kinachozidisha maumivu ni kwamba Vera haoni kabisa. Anampenda dada yake, anamtetea, anamsifu mbele ya watu. Ukimchukia mtu anayekuchukia unapata nafuu kidogo. Ukimchukia anayekupenda hupati.

Halafu anakuja Tommy Muhambe. Huyu ni kijana wa Vera, Vera anampenda kwa dhati. Becky anamchukua.

Tumeandika kwa sentensi moja sababu ndivyo pigo lenyewe linavyoingia. Lakini rudi usome kurasa za mbele na za nyuma, uone kama Becky alimpenda Tommy. Vijana wetu wa kiume walishikilia kwamba ni mapenzi tu, kwamba hakuna mtu anauza moyo wake. Sisi tuliwaonyesha dalili. Becky hakosi wanaume, wanamfuata kila anapokwenda. Hamtaki Tommy kabla hajawa wa Vera. Na akishampata hakai naye. Mtu aliyechukua kitu kwa kukipenda anakitunza, na aliyekichukua ili mwenzake asiwe nacho kazi yake imeisha siku ileile. Hapa ndipo ile tofauti ya maneno tuliyoanza nayo inasaidia. Kama ungekuwa wivu wa mapenzi, Becky angemlinda Tommy. Hii ni husuda, na husuda ikishapata haina pa kwenda.

Kuanzia hapo njia za dada wawili zinaachana kabisa. Vera, baada ya kuumia, hakimbilii mwanaume mwingine. Anaelekea kwenye imani, anajiunga na Opus Dei ya Wakatoliki, na anaamua kutoolewa. Je, Tommy ndiye sababu? Wasomaji wengine wanasema Vera alikimbia maumivu. Kitabu kinataka tuamini kwamba aliitwa. Sisi tunaona yote mawili yanaweza kuwa kweli, mtu anaweza kusukumwa mpaka mlangoni halafu akaingia kwa hiari yake.

Becky anakwenda Nairobi, anapata kazi ya kuhudumia abiria kwenye ndege, anaolewa na mzungu kutoka Kanada, John Courtney. Wanazaa Johnny na Alicia. Ndoa inavunjika. Becky ana pesa, nyumba, nguo, kila kitu ambacho dada yake aliyechagua maisha ya kawaida hana. Lakini bado hajatulia, maana kile alichokihusudu hakikuwa kwenye maduka. Mwishowe anaugua ukimwi na kufa. Kumbukeni kitabu kilitoka mwaka 1994, dawa za kurefusha maisha hazikuwepo kwa watu wetu. Mama Ogola baadaye alisimamia kituo cha watoto yatima wenye virusi huko Nairobi, kinaitwa Cottolengo, kwa hiyo alijua anaandika nini aliposhughulika na watoto wanaobaki. Johnny na Alicia wanachukuliwa na ukoo, wanalelewa na mjomba wao Aoro, daktari, na mkewe Wandia. Habari zao zinaendelea katika kitabu kingine cha mama huyo, I Swear by Apollo, cha mwaka 2002.

Sasa weka hizo hadithi mbili pamoja. Otieno alikuwa na mtu wa kumzuia, kulikuwa na ofisi Kisumu ya kwenda kulalamika. Kwa Becky hakuna ofisi. Hakuna mzee anayeweza kukaa chini aamue kwamba dada amempora dada yake upendo. Elizabeth, mama yao, ambaye bibi yake alimwangusha chifu, anaangalia mapacha wake wakipotezana na hana la kufanya. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sehemu ya kweli zaidi katika kitabu chote. Na angalia nani analipa. Aliyelipa husuda ya Otieno ni mtoto mchanga wa marehemu. Waliolipa mwisho wa Becky ni watoto wawili. Waliohusudu na waliohusudiwa wamepita, watoto ndio wanabebwa kutoka nyumba hii kwenda nyumba ile.

Tuna lawama moja kwa mwandishi. Becky hakupewa nafasi ya kujieleza. Vera ni mwema mno, mpaka unatamani akasirike hata mara moja, avunje hata kikombe! Wasichana wa darasa la jioni ndio waliotufungua macho. Mmoja aliuliza: katika nyumba ile, ni nani aliwahi kumwambia Becky kitu kingine isipokuwa kwamba ni mzuri? Mwingine akajibu kwamba hilo si kosa la Vera. Wa kwanza akasema sijasema ni kosa la Vera, nauliza mama yake alikuwa wapi. Tulirudi kutafuta katika kurasa, na kweli, tulipata machache. Mwandishi anatuambia tu kwamba Becky alikuwa hivyo tangu utoto. Kwa Otieno alitupa hesabu nzima, kwa Becky ametupa tabia bila chanzo chake.

Kwa wale wanaopenda kusoma zaidi, kuna kitabu kingine, hiki cha hapa Uganda, kinaitwa Kintu, cha Jennifer Nansubuga Makumbi. Kilitoka mwaka 2014. Kinaanza Bwaise, hapohapo Kampala, mwaka 2004, halafu kinarudi nyuma mpaka mwaka 1750 Buganda, ambapo Kintu Kidda amependa msichana mmoja pacha lakini mila inamlazimisha kuoa na pacha mwenzake. Baadaye, katika siku zetu, kuna Suubi, ambaye pacha wake alikufa mtoto, na yule marehemu anamsumbua kwa hasira sababu Suubi anakana kwamba aliwahi kuwa na pacha. Ni kitabu kinene na kina mambo ya watu wazima, hatuwapi watoto wa msingi.

Jumamosi ya pili ya mwezi ujao tunasoma tena sura za mapacha, chini ya ule mti karibu na darasa la tatu, saa tisa. Wazazi mnakaribishwa. Swali liko palepale, na akina mama tunawangojea nyinyi hasa: Elizabeth angefanya nini, na angeanza Becky akiwa na miaka mingapi?